Chokaa, saruji na siku za fundi: Jinsi ya kuuombea fedha ukuta wa Songo Mnara

Kila mwaka, kabla Bunge halijaketi Dodoma kujadili bajeti itakayoanza Julai 1, watu wa ofisi za umma hukaa na makaratasi yao kuandika maombi. Mwalimu mkuu anaombea madawati, mganga anaombea jokofu la chanjo, na mhifadhi wa mambo ya kale anaombea ukuta. Wa mwisho ndiye mwenye kazi ngumu zaidi. Madawati yana idadi ya wanafunzi nyuma yake, na jokofu lina idadi ya watoto. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliosimama kisiwani kwa zaidi ya miaka 500 hauna foleni ya watu mlangoni, na mhasibu anayesoma ombi lake ana haki ya kuuliza kwa nini usingoje mwaka mmoja zaidi.

Makala haya yanamfuata mhifadhi huyo hadi kwenye meza ya idara ya fedha. Nimechagua Songo Mnara, kisiwa kilichoko kusini ya Kilwa Kisiwani mkoani Lindi, kwa sababu pale ulinganisho wa gharama unaweza kumdanganya hata mtu makini. Njia inayoonekana rahisi kwenye karatasi ya mwaka mmoja ndiyo inayoweza kuwa ghali kuliko zote, na mstari wa bajeti unaoonekana kama ubadhirifu ndio unaonunua kazi yenyewe.

Mahali penyewe

Mji wa Songo Mnara ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 16. Yamebaki magofu ya nyumba nyingi za mawe, misikiti, makaburi na jengo kubwa linaloitwa jumba la kifalme, vyote vikiwa ndani ya mabaki ya ukuta wa mji. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa na chokaa. Miimo ya milango na vidaka vimechongwa kwa matumbawe laini yaliyotolewa baharini.

Mwaka 1981, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa pamoja kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco. Mwaka 2004 yakahamishiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikiporomoka na bahari ikila ufukwe. Zilipita kazi za ukarabati zilizogharimiwa na Serikali na wafadhili wa nje, mikoko ikapandwa na ufukwe ukakingwa, na mwaka 2014 kamati ya Urithi wa Dunia ilipokutana Doha ikayaondoa kwenye orodha hiyo. Miaka ya karibuni usimamizi uko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA).

Fedha za wafadhili huja kwa mradi, na mradi huisha. Baada ya hapo ukuta unabaki mikononi mwa bajeti ya kawaida, ile inayopangwa kwa kasma na vifungu ndani ya ukomo uliowekwa. Ndipo ombi dogo la kila mwaka linapokuwa na uzito kuliko sherehe ya kukabidhi mradi mkubwa.

Maswali matatu ya mhasibu

Mtu wa fedha hasomi ombi kama mhifadhi anavyolisoma. Hana ujuzi wa matumbawe, wala hahitaji kuwa nao. Anachotafuta ni majibu ya maswali matatu: kwa nini kazi hii, kwa nini mwaka huu, na kwa nini kwa njia hii na kwa kiasi hiki. Majibu hayo hayamtoshi yeye peke yake. Kesho mkaguzi wa ndani atamuuliza maswali hayohayo, na baadaye mkaguzi kutoka ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ombi zuri ni lile ambalo mhasibu anaweza kulitetea mbele ya mkaguzi bila kumpigia simu aliyeliandika.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kujibu swali la kwanza kwa kurasa tatu na kuacha mengine mawili na mstari mmoja mmoja. Mwombaji anaeleza historia ya masultani, biashara ya dhahabu na hadhi ya kimataifa, kisha anaandika: “Gharama: ukarabati wa ukuta, Sh milioni 9.” Hadhi ya mahali inajulikana. Isiyojulikana ni hali ya ukuta ule, mita zile, mwaka ule.

Kwa hiyo ombi huanza na vipimo. Tuchukue mfano wa kipande cha ukuta chenye urefu wa mita 20, kimo cha mita 3 na unene wa nusu mita. Kina nyuso mbili, kwa hiyo eneo la kushughulikiwa ni mita za mraba 120. Fundi amekagua na kukuta viungo vimeoza na mashimo yamefunguka, kiasi kwamba nyuso zote zitahitaji mota ya wastani wa sentimita 5 kwenda ndani. Hiyo ni mita za ujazo 6 za mota. Kuanzia hapa kila namba ina mzazi wake, na mhasibu akiuliza “umeitoa wapi?” jibu liko kwenye mstari wa juu yake.

Halafu ielezwe dalili kwa maneno ambayo mtu yeyote aliyesimama mbele ya ukuta angeyathibitisha: mota inatoka kwa kidole, mizizi ya mti imeingia kwenye kiungo cha juu, uso unatoa mlio wa utupu ukigongwa. Picha mbili za mahali pamoja, moja ya mwaka uliopita na moja ya sasa, zikiwa na kipimo kando yake, zinajibu “kwa nini mwaka huu” vizuri kuliko kivumishi chochote.

Saruji inavyovutia

Sasa tuingie kwenye ulinganisho wenyewe. Njia ya kwanza ni saruji. Inauzwa kila mji, na tangu kiwanda cha Dangote kianze kazi Mtwara mwaka 2015, mikoa ya kusini ina saruji inayotengenezwa karibu. Inakauka haraka na kila fundi anaijua. Njia ya pili ni chokaa ya mifuko, ambayo kwa kawaida inatoka mbali zaidi, kama Tanga, na inahitaji fundi mvumilivu.

Bei nitakazotumia ni za mfano wa hesabu tu, na kila ofisi itaweka bei zake. Vipimo ndivyo vya kutazamwa. Mchanganyiko wa saruji, kipimo kimoja kwa vinne vya mchanga, utahitaji mifuko 43 ya kilo 50, yaani tani 2.15. Mchanganyiko wa chokaa, kimoja kwa vitatu, utahitaji mifuko 40 ya kilo 25, yaani tani moja. Tuseme mfuko wa saruji ukifika Kilwa Masoko ni Sh 17,000 na wa chokaa ni Sh 15,000. Saruji itagharimu Sh 731,000 na chokaa Sh 600,000.

Tofauti ni ndogo mno kuamua jambo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanalinganisha bei ya mfuko na mfuko wakati mfuko si gharama ya kazi. Njia zote mbili zinahitaji mita za ujazo 6 za mchanga, na mchanga huo hauwezi kuchotwa ufukweni, maana una chumvi, na chumvi ikikaa ndani ya ukuta hulitafuna jiwe. Unatoka bara, na uzito wake ni tani 9 hivi. Maji ya bahari hayafai kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo maji matamu nayo yanavushwa. Boti hungoja maji kujaa ili ifike karibu, na yakitoka, mizigo inapita kwenye tope na mikoko juu ya vichwa vya watu.

Tukichukua boti inayobeba tani moja na nusu kwa Sh 150,000 kila safari, saruji inahitaji safari 9 na chokaa, inayotumia maji mengi zaidi, safari 10. Mchanga wa Sh 300,000 na wapagazi wa Sh 600,000 ni sawa kwa pande zote mbili. Hadi hapa njia hizi mbili zinakwenda bega kwa bega.

Zinaachana kwenye siku za kazi. Kikundi cha mafundi wanne na vibarua sita, ujira na chakula cha kisiwani vikiwemo, tuseme kinagharimu Sh 210,000 kwa siku. Kwa saruji watamaliza kwa siku 12, kwa Sh 2,520,000. Chokaa inapakwa kwa tabaka nyembamba, na tabaka moja lisubiri kabla ya jingine, hivyo zinahitajika siku 24 na Sh 5,040,000. Baadaye watu wawili wabaki siku 14 wakilowesha magunia yaliyofunika ukuta ili chokaa isikauke kwa jua na upepo. Hao ni Sh 420,000, na magunia na maturubai Sh 300,000.

Jumla ya saruji ni Sh 5,501,000. Jumla ya chokaa ni Sh 8,760,000. Ukiishia hapo, mhasibu atakunyima, na atakuwa na haki.

Hesabu ya miaka 20

Ulinganisho unaoishia Juni 30 hauwezi kulinganisha vitu ambavyo umri wake haufanani. Kinachotakiwa ni kuchukua kipindi kimoja kwa njia zote, tuseme miaka 20, na kuuliza ukuta uleule utatugharimu kiasi gani hadi mwisho wake.

Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipitishi unyevu kama chokaa. Ukuta wa pwani unavuta maji kutoka ardhini na chumvi kutoka hewani, na unyevu huo lazima utoke. Kwenye ukuta wa chokaa unatoka kupitia viungo, na vikichoka unavijaza tena. Ukiviziba kwa saruji, unyevu unatokea kwenye jiwe, chumvi inaganda humo na jiwe linageuka unga. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wameyaona hayo kwenye nyumba nyingi. Dalili yake haifichiki: mistari ya saruji imetokeza mbele, mawe yaliyokuwa sawa nayo yamerudi ndani, na chini kuna vumbi jeupe.

Marudio ya saruji kwa hiyo ni ghali kuliko kazi ya kwanza, kwa kuwa lazima kwanza itindwe kwa patasi, na inang'oka na vipande vya jiwe. Tuseme kutinda ni Sh milioni 2, basi kila marudio ni Sh milioni 7.5 kwa bei za leo. Ikiharibika kila baada ya miaka 8, ndani ya miaka 20 tutalipa mara moja milioni 5.5 na mara mbili milioni 7.5, jumla Sh milioni 20.5. Chokaa iliyofanywa vizuri tuipe marekebisho ya robo ya kazi katikati ya kipindi, Sh milioni 2.19. Jumla yake ni Sh milioni 10.95.

Mhasibu mzuri hatakubali miaka 8 hiyo kwa sababu tu imeandikwa. Atauliza: je, saruji ikidumu miaka 15? Mwombaji amjibu kabla hajauliza. Ikidumu miaka 15 itarudiwa mara moja, jumla Sh milioni 13, na chokaa bado ni nafuu. Ikidumu miaka yote 20 bila kuguswa, saruji inashinda kwa fedha, na hapo hoja inayobaki ni jiwe linaloliwa, ambalo haliuzwi dukani. Yote mawili yaandikwe wazi. Ombi linaloonyesha mahali ambapo hoja yake inashindwa huaminiwa kwenye mahali ambapo inashinda. Na ushahidi wa umri usitafutwe mbali: kama eneo lina ukuta uliowahi kuzibwa kwa saruji, tarehe ya kazi ile na picha ya hali yake leo ni hoja tosha.

Kuna swali la upande wa pili pia. Je, chokaa isipodumu? Ikilazimu kuirudia yote baada ya miaka 10, tutakuwa tumetumia Sh milioni 17.52, na saruji ya miaka 15 itakuwa imetushinda. Hili linatupeleka kwenye mstari ambao idara ya fedha hupenda kuukata: siku 24 za mafundi na siku 14 za kulowesha magunia. Anayepitia bajeti anaona watu wawili wakilipwa wiki mbili kumwagia ukuta maji, na kalamu nyekundu inatua hapo. Ukiokoa Sh 420,000 hizo, chokaa inakauka kabla haijashika, inapasuka, na mvua inayofuata inaisomba. Chokaa iliyoharakishwa inaweza kuwa ghali kuliko njia zote. Ndiyo maana mstari huo usiandikwe “vibarua” tu. Uandikwe “ukuzaji wa chokaa kwa maji, siku 14, sharti la ubora wa kazi”, na uelezwe kwa sentensi moja.

Njia mbili zisizosahauliwa

Jedwali la ulinganisho lisilo na njia ya kutofanya lolote halijakamilika. Kwenye safu ya mwaka huu gharama yake ni sifuri, na kwa mtu mwenye ukomo mdogo sifuri inapendeza. Basi andika kinachofuata: kiungo cha juu kikifunguka maji ya mvua huingia katikati ya ukuta, uso mmoja unatengana na mwingine, na kipande kinaanguka. Kikishaanguka, kazi ni ya kuegemeza kwa mbao na kuokota mawe, na ukuta unaojengwa upya hauna tena thamani ya ule wa kale. Miaka 10 ya orodha ya hatari, 2004 hadi 2014, ni bei ambayo eneo hili limeshailipa kwa kungoja.

Njia nyingine ni chokaa ya kuchomwa papo hapo, kwa mawe ya matumbawe juu ya tanuri la magogo, kama walivyofanya wazee. Kwa bei ya debe inaweza kuwa nafuu kuliko zote, na inaepusha safari ya lori. Lakini tanuri linakula kuni nyingi, na kisiwani kuni za karibu ni mikoko, ambayo kuikata kunahitaji kibali. Mikoko hiyohiyo ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi yasile ufukwe wa magofu. Ofisi ikichoma mikoko kuokoa ukuta, itarudi mwaka ujao kuombea fedha za kujenga kingo ya bahari. Gharama hiyo iwekwe kwenye safu ya njia hii, hata kama italipwa kutoka kifungu kingine.

Bei, risiti na msimu

Nukuu za bei nazo zilinganishwe kwa msingi mmoja. Muuzaji mmoja anataja bei ya mfuko wa kilo 25 ukiwa Dar es Salaam bila VAT, mwingine ukiwa Masoko na VAT ya asilimia 18 ndani. Ukizipanga zilivyo, wa kwanza anaonekana nafuu wakati lori bado halijawashwa. Zote zigeuzwe ziwe bei ya kilo moja, kodi ikiwemo, mzigo ukiwa gatini. Tangu mfumo wa NeST uanze kutumika mwaka 2023 ununuzi wa umma unapita humo, na maelezo ya bidhaa yasipokuwa kamili mwanzoni, kinacholetwa ni kile kilichoandikwa, si kile kilichokusudiwa.

Malipo ya kisiwani yafikiriwe mapema vilevile. Nahodha wa boti ndogo na mpagazi hawana mashine ya EFD. Ombi liseme tangu awali jinsi watakavyolipwa: usafiri upitie kwa mtoa huduma mmoja mwenye risiti, na vibarua walipwe kwa karatasi ya malipo yenye jina, siku, kiasi na sahihi au dole gumba. Kazi nzuri isiyo na hati inakuwa hoja ya ukaguzi, na mwaka unaofuata hoja hiyo ndiyo itakayosomwa kwanza ombi jipya likifika.

La mwisho ni tarehe. Mwaka wa fedha unaanza Julai, wakati kusi bado inavuma na bahari ina nguvu. Mvua kubwa za kusini zinakuja mwanzoni mwa mwaka na kufikia kilele Machi na Aprili. Dirisha la chokaa ni Agosti hadi Oktoba. Fedha zikitoka Machi, ofisi itachagua kati ya kufanya kazi kwenye mvua na kuziacha hadi Juni 30 zikiwa hazijatumika, na yote mawili ni hasara. Kwa hiyo mpango wa mtiririko wa fedha uombe mafungu mawili tu: ununuzi Julai, ujira Agosti. Chini yake iandikwe: “Fedha zikipatikana baada ya Oktoba, tunaomba kazi isianze, na ununuzi pekee ufanyike.” Sentensi hiyo inampa mhasibu sababu ya kulitanguliza ombi lako kwenye robo ya kwanza.

Na ukomo ukiwa Sh milioni 6? Hapo mwombaji asibadili chokaa kuwa saruji, wala asikate siku za magunia. Apunguze urefu. Kwa gharama ya Sh 438,000 kwa mita, milioni 6 zinatosha mita 13 zilizofanywa sawasawa, akianzia palipo na hatari zaidi, na mita 7 zilizobaki ziingie kwenye ombi la mwaka ujao zikiwa na picha na vipimo vyake. Kazi ikiisha aandike siku zilizotumika kweli, safari za boti zilizofanyika na mifuko iliyobaki, ili ombi hilo lijengwe kwa hesabu za kisiwa chenyewe. Mhasibu anayeona namba za mwaka jana zikikaribiana na za mwaka huu hana haja ya kuamini maneno. Ameshapewa kipimo cha kumpima mwombaji, na fedha za umma zinastahili kipimo hicho.